Ukuta Mnene Uko Kushoto

Nilipohamia kufundisha Shinyanga mjini nilikuwa nimeshajijengea sifa ndogo ya kuchora. Kule Ushirombo, nilikozaliwa na kuanzia kazi, wanafunzi walikuwa wakija hata kutoka mikondo mingine kutazama moyo nilioupaka chaki nyekundu upande mmoja na ya bluu upande mwingine. Kwa hiyo siku yangu ya kwanza kidato cha tatu nikafanya kile nilichokizoea. Nilichora moyo mkubwa, nikaweka mishale, nikaandika majina yote, nikarudi nyuma hatua chache kuutazama. Ndipo nilipogeuka na kukumbuka nilichoambiwa ofisini asubuhi ile, kwamba safu nzima ya mbele ni wanafunzi wasioona.

Walikuwa wametulia, mikono juu ya karatasi zao nene, wakisubiri. Mmoja wao, kijana mrefu aliyetoka kwenye vijiji vya wachimbaji karibu na Bulyanhulu, akasema kwa upole, "Mwalimu, tumeisikia chaki. Inaelekea ni mchoro mzuri sana."

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao, maana hakukuwa na namna nyingine.

Baada ya kipindi nikamfuata mwalimu wa elimu maalumu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye chumba kidogo karibu na maktaba kilichojaa mashine za nukta nundu, yaani yale maandishi ya vinundu ambayo wasioona husoma kwa vidole. Nilimuuliza wanafunzi wake walifanya nini na michoro miaka yote.

"Wanairuka," akasema. "Swali la mchoro likija, wanalipita na kwenda lingine."

"Na wewe unakubali?"

"Mimi ni mtu wa Kiswahili na historia, mwalimu. Nikichora moyo unaweza kutoka kiazi. Lakini kama wewe utakagua, mimi nitachora."

Tukakubaliana hivyo. Yeye angetengeneza michoro ya vinundu, mimi ningehakiki kabla haijafika mikononi mwa wanafunzi. Alikuwa na kigurudumu chenye meno, kile ambacho mafundi cherehani hutumia kuhamishia alama kwenye kitambaa. Alitandika kipande cha mpira mezani, akaweka karatasi nene juu yake, akapitisha kigurudumu kufuata mistari ya kitabu. Meno yaliingia kwenye karatasi na kutokeza vinundu upande wa pili. Kisha aliigeuza ile karatasi, akabandika vipande vya majina alivyovipiga kwa mashine, kila jina mahali pake kama kitabuni.

Aliponiletea moyo wa kwanza nilifurahi kama mtoto. Niliweka kitabu upande mmoja na karatasi upande wa pili. Juu kushoto kwa ukurasa, vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Chini yake, atiria ya kulia. Chini zaidi, ventrikali ya kulia. Nikahamia upande wa pili, nako kila jina lilikuwa mahali pake. Mistari yenyewe ilikuwa vinundu vyeupe juu ya karatasi nyeupe, haionekani vizuri mpaka uinamishe karatasi kwenye mwanga, lakini majina yalikuwa sawa, na mimi nilikuwa nakagua majina. Nikasema imepita. Akatengeneza nakala za kutosha safu nzima.

Tulikutana na wanafunzi katika chumba chake mchana, baada ya vipindi. Nilikuwa nimeshawafundisha kwa maneno kwamba moyo una vyumba vinne, viwili vya juu vinavyoitwa atiria na viwili vya chini vinavyoitwa ventrikali. Nilikuwa nimewaambia pia kwamba ventrikali ya kushoto ina ukuta mnene kuliko ya kulia, kwa sababu ya kushoto inasukuma damu mwili mzima, ya kulia inaipeleka mapafuni tu, hapo jirani. Na nilikuwa nimewaonya juu ya jambo ambalo huwakosesha watu alama kila mwaka: moyo huchorwa kana kwamba mwenye moyo amekutazama. Kushoto kwake ni kulia kwako.

Vidole vikaanza kutembea. Kulikuwa na binti mmoja, mtoto wa wafugaji wa Kishapu, mwembamba, asiyependa kusema sana. Alisoma kwa mikono miwili, mmoja ukibaki mahali kama mtu aliyeshika mlango, mwingine ukienda mbele kutafuta. Akarudia sehemu moja mara kadhaa, kisha akainua uso.

"Mwalimu, ventrikali ya kushoto hapa ina ukuta mwembamba."

Nikamjibu kwa sauti ile ya mwalimu aliyejibu swali hilo mara nyingi. "Kumbuka, mwanangu, kushoto kwa moyo ni kulia kwako."

"Nakumbuka. Sikuhesabu upande. Nimesoma jina. Jina linasema ventrikali ya kushoto, mstari wake unaniingiza kwenye chumba, na chumba hicho kina ukuta mwembamba. Mnene uko kwenye hii iliyoandikwa kulia."

"Hata mimi," akasema yule kijana wa Bulyanhulu. "Nilidhani vidole vyangu vimechoka."

Nilisogea na kuchukua karatasi ya binti. Nikaitazama na sikuona kitu. Nikaiinamisha kwenye dirisha, nikaona vinundu vingi vinavyong'aa. Yule binti akasema taratibu, "Labda ufumbe macho, Mwalimu."

Nikafumba. Nilianza kwenye jina la vena kava, nikafuata mstari. Badala ya kunipeleka kwenye mshipa mpana unaoshuka atiria ya kulia, ulinipeleka kwenye vijishipa vyembamba vinavyotoka mapafuni. Nikashuka. Ukuta wa chumba kilichoandikwa kulia ulikuwa mpana kiasi kwamba kidole changu kilichukua muda kuuvuka. Nikavuka ukuta wa katikati unaotenganisha pande mbili, nikafika chumba cha pili, ukuta wake ukaisha kabla sijaanza kuuhisi.

"Moyo umegeuka," nikasema, macho bado yamefumba. "Majina yako sawa. Moyo ndio umegeuka."

Mwalimu mwenzangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa. "Nimechora mgongoni," akasema. "Kila siku nawafundisha hawa kwamba ukiandika nukta nundu kwa sindano ya mkono unaanzia kulia, kwa sababu vinundu hutokea upande wa pili. Halafu mimi mwenyewe nachukua moyo, nauchora nyuma ya karatasi kama ulivyo kitabuni."

Ndivyo ilivyokuwa. Mchoro uliobonyezwa kwa nyuma hutokea mbele kama sura ya kwenye kioo. Yeye alibandika majina kwa kufuata kitabu, mimi nikayahakiki kwa kufuata kitabu, na hakuna kati yetu aliyefuata mstari mpaka mwisho wake. Wanafunzi walipoelewa kilichotokea walifurahi kupita kiasi. Walidai kuelezwa upya, hatua kwa hatua, na mwalimu mwenzangu akawaeleza kwa moyo wote, akijicheka mwenyewe katikati.

"Kwa hiyo sasa tunajuaje upi ndio sahihi?" akauliza kijana wa Bulyanhulu. "Kitabu kinasema, mwalimu anasema, karatasi nayo inasema. Sisi tumshike nani?"

"Tukaushike moyo wenyewe," akasema binti wa Kishapu.

Siku ya soko nikaenda kwenye bucha. Yule muuza nyama alinijua kwa sura, tukasalimiana kwa Kisukuma. "Mwangaluka," "Mwangaluka," nikamwambia nataka moyo wa ng'ombe, ila usikatwe juu, mishipa yake ibaki mirefu.

Akanitazama. "Mishipa hailiki, mwalimu."

"Sitaki kuula. Nataka kuusoma."

"Mkaguzi wa nyama huwa anaupasua kidogo, lazima. Lakini nitamwambia apasue kidogo. Na nitakuwekea miwili, mmoja mkiusoma ukaharibika mwingine mle."

Aliniwekea kweli, imefungwa kwenye mfuko, na mishipa ikitokeza juu kama vipande vya bomba la maji. Nilimshukuru, "Wabeja sana," nikapanda bodaboda nikiwa nimeukumbatia mfuko.

Tuliosha mioyo ile kwenye karai nje ya chumba, wanafunzi wakanawa, wakazunguka meza. Yule binti alikuwa wa kwanza. Aliuchukua moyo kwa mikono miwili, akaupima kwa kuubonyeza pande zote mbili bila kuingiza kidole popote.

"Huu upande ni mgumu," akasema. "Huu unabonyea. Mgumu ni kushoto kwake."

Kisha akatafuta mshipa mnene juu, akaingiza kidole, akashuka. "Nimeingia kwenye chumba kigumu. Kwa hiyo hii ni aota, ile inayopeleka damu mwili mzima." Akatoa kidole, akatafuta mwingine. "Huu nao ukuta wake ni mnene, umesimama wazi wenyewe. Ila unanishusha kwenye chumba laini."

"Unadhani ni upi?"

Akaubonyeza mdomo wake. "Ni ateri, maana vena ingelala. Lakini inatoka kulia. Kwa hiyo ni ateri ya mapafu. Ndiyo ile ambayo damu yake haina oksijeni, ingawa ni ateri."

Hapo mimi mwenyewe nilitaka kucheza. Ni wanafunzi wangapi wameniandikia kwamba kila ateri inabeba damu yenye oksijeni, kwa sababu nilipaka ateri nyekundu na vena bluu, na chaki ikawa imewafundisha uongo. Ateri ni mshipa unaotoa damu moyoni, basi. Vena ni unaoirudisha. Za mapafu zimebadilishana mizigo, lakini hazikubadilishana mwelekeo, wala kuta. Binti huyu hakuwa na nyekundu wala bluu ya kumchanganya. Alikuwa na ukuta uliosimama na ukuta uliolala.

Kijana wa Bulyanhulu alifika kwenye valvu. Alipenyeza kidole kutoka atiria ya kulia kwenda chini, akahesabu vipande vya ngozi laini vinavyofunga njia. "Vitatu." Akaenda upande wa kushoto. "Viwili. Na vimefungwa kwa nyuzi kutoka chini, kama turubai la kwenye mdomo wa duara." Duara ndilo neno la kule kwao kwa shimo la dhahabu, kaka zake walikuwa wakishuka ndani ya mashimo hayo. "Nyuzi za nini?"

"Kuzuia valvu zisipinduke kwenda juu damu inaposukumwa."

"Basi aliyejenga hapa anajua kazi," akasema, na akarudia kuzigusa zile nyuzi moja moja.

Tulimimina maji ndani ya aota kwa kikombe. Yakasimama pale juu bila kushuka chumbani, kwa sababu valvu za aota, zenye umbo la mifuko, zilijaa na kufunga. Kila mmoja aliweka kidole kwenye maji kuhakikisha. Wenzao wanaoona walikuwa wameshaanza kuchungulia dirishani, na mwalimu mwenzangu akawaita ndani, wakanawa na wao.

Moyo wa vinundu ulitengenezwa upya, safari hii ukigeuzwa kwanza kabla ya kubonyezwa. Nami nikabadilisha namna ya kuhakiki. Sikuanza tena na majina. Nilifumba macho, nikaanza na mstari, nikafuata mpaka unapoishia, nikajiuliza hapa ni wapi, ndipo nikasoma jina. Nilipomaliza nilimpa yule binti akague mara ya pili bila kumwambia nilichokipata.

Seli ilitusumbua zaidi, kwa sababu hakuna bucha linalouza seli. Kwenye seli ya mmea mwalimu mwenzangu alichora ukuta wa seli na utando wa seli kama mistari miwili iliyokaribiana, kama kitabuni. Kwa macho ni miwili. Kwa kidole ni mmoja. Wanafunzi walifuata mistari ya majina yote mawili wakaishia mahali pamoja.

"Basi ni kitu kimoja chenye majina mawili," akasema mmoja.

"Hapana," nikasema. "Ukuta uko nje, ni mgumu, ndio unaoipa seli ya mmea umbo. Utando uko ndani yake, ni mwembamba, unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Seli ya mnyama ina utando tu, haina ukuta."

"Sasa mbona karatasi haisemi hivyo?"

Tukajadiliana mchana mzima. Tukaamua ukuta tuubandike kwa kamba ya katani na utando kwa uzi wa pamba, na kati yake tuache nafasi ya kidole kupita. Mimi nikasema lazima tuandike pembeni kwamba katika seli yenyewe nafasi hiyo haipo, utando umebanana na ukuta. Binti wa Kishapu alishikilia kwamba maandishi hayo yasomwe kabla ya mchoro, si baada, na alikuwa sahihi.

Kiini na vakuoli, kile kifuko cha majimaji, navyo vilikuwa vikichanganywa kila mara, maana vyote ni umbo lililofungwa ndani ya seli. Tukakipa kiini msasa, vakuoli tukaiacha laini, tena kubwa, ikichukua nafasi ya katikati na kukisukuma kiini pembeni kama inavyofanya kwenye mmea. Kloroplasti na mitokondria, ambazo zote mbili huchorwa kama mayai madogo, tulizitenganisha kwa kilicho ndani: kloroplasti ikapata vifungu vya nukta zilizorundikwa, mitokondria ikapata mstari mmoja unaojikunja kwenda na kurudi. Kijana wa Bulyanhulu alisoma mitokondria akasema inafanana na njia ya bodaboda ya kwenda kwao wakati wa mvua.

Kufikia hapo walikuwa hawataki tena michoro iliyo sahihi. Walitaka yenye makosa. "Tutegee," waliniambia, na ikawa ndiyo michezo yetu ya mchana. Nilibandika jina la kiini kwenye vakuoli. Niliweka jina la ukuta wa seli kwenye seli ya mnyama. Nilibadilisha ateri ya mapafu na vena ya mapafu. Walikuwa wakigombania karatasi.

Mwishoni mwa muhula mwalimu mwenzangu akapendekeza mashindano. Upande mmoja safu ya mbele na michoro yao ya vinundu, upande wa pili wanafunzi wanaoona, na michoro hiyo hiyo iliyochapwa, yenye makosa yale yale. Tulinunua soda na maandazi, tukafungua madirisha, na walimu wengine wakaja kukaa nyuma.

Wanaoona walimaliza haraka. Walipitisha macho kwenye majina, wakaona yamepangika, wakanyanyua mikono. Walikuwa wameona ukuta wa seli kwenye mnyama, na jina la kiini kwenye vakuoli ya mmea, na kitu kingine kimoja ambacho safu ya mbele haikukipata: kwenye seli ya mnyama nilikuwa nimeandika jina la kiini kwenye kile kitone kidogo kilicho ndani ya kiini chenyewe, ambacho kwenye karatasi ya vinundu kilikuwa kidogo mno kwa kidole. Tulikubali bila ubishi, na mwalimu mwenzangu akaahidi kukikuza. Lakini safu ya mbele ilikuwa bado inatembea na mistari ya moyo. Binti wa Kishapu alikuwa wa mwisho kunyanyua mkono.

"Vena ya mapafu hapa imeandikwa kwenye mshipa unaotoka ventrikali ya kulia. Hauwezi kuwa vena, unatoka. Na hizi valvu mbili nazo zimebadilishwa majina, ya vipande vitatu imeandikwa kushoto."

Wanafunzi wanaoona wakainama kwenye karatasi zao. Mmoja wao, msichana aliyekuwa akiongoza darasa, akafuata mstari kwa ncha ya kalamu, polepole, kisha akacheka. "Kweli. Nilisoma jina, nikaamini." Akasimama akaenda kumshika mkono mwenzake, na soda zikagawanywa kwa wote kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kubaki bila.

Siku ya wazazi mama yake yule binti alikuja kutoka Kishapu na basi la alfajiri, amejifunga khanga mpya, Kiswahili chake kichache. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba" kwa haya, akitazama huku na huku. Binti yake alimkalisha mezani, akatandaza karatasi ya moyo, akashika kidole cha mama yake na kukiweka kwenye vena kava. Alimweleza kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha kusalimia, lakini mchoro niliujua, kwa hiyo niliweza kufuata alipofika kwa kuangalia kidole tu: sasa atiria, sasa valvu, sasa kwenda mapafuni, sasa kurudi.

Mama alikuwa mtu aliyechinja na kupika maisha yake yote. Walipofika kwenye ukuta mnene alisimamisha kidole, akasema kitu, binti akacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema upande huu huwa ndio anampa baba, kwa sababu una nyama nyingi. Hakujua kwamba una kazi."

Mama akauliza tena jambo, sasa akinitazama mimi. Binti akatafsiri. "Anauliza kama anaweza kwenda nayo nyumbani. Anataka wadogo zangu waisome."

Mwalimu mwenzangu alikuwa ameshafungua kabati. Alitoa moyo mmoja na seli moja, akavikagua kwa vidole kwanza, macho yamefumba, midomo ikitaja majina, kisha akavifunga kwa uangalifu ndani ya gazeti na kumkabidhi mama kwa mikono miwili.